Mfuateni mgonjwa mkiwa na saa: majibu ya maswali yenu kuhusu ramani ya safari ya mgonjwa wa nje

Ramani ya safari ya mgonjwa wa nje inatakiwa iwe na hatua ngapi?

Zile anazopita mgonjwa wenu, tangu anapoingia getini hadi anapotoka. Swali hili huletwa kila mara na jibu ni lilelile: idadi inatoka kwenye korido zenu, ziwe hatua saba au kumi na tano.

Tulikaa semina siku mbili, wakuu wa idara wote wakachora pamoja. Mganga Mfawidhi ameitazama ramani akasema haimwonyeshi kitu. Tulikosea wapi?

Mlikosea kuchora mkiwa mmekaa. Mkuu wa maabara alichora maabara, mfamasia akachora dirisha lake, na kila kipande kikaonekana kinakwenda vizuri. Mgonjwa haumii sana ndani ya vipande hivyo. Anaumia katikati, akishatoka kwa mmoja na hajafika kwa mwingine, na hapo katikati hapana mkuu wa idara.

Jumatatu moja nilimfuata mama mwenye homa na maumivu ya tumbo, kwa ridhaa yake, katika hospitali ya wilaya. Aliingia getini saa 1:40 asubuhi. Masjala walimhudumia dakika 4, dirisha la bima dakika 3, na muuguzi aliyempima presha, joto na uzito dakika 5. Saa 3:05 alikuwa ameshakaa kwenye benchi nje ya chumba cha daktari. Daktari alifika saa 4, kwa kuwa alianza na kikao cha asubuhi kisha raundi ya wodini. Zamu ya mama ilifika saa 4:35, akaonwa kwa dakika 7. Saa 5:05 maabara walichukua damu na mkojo, dakika 4. Majibu yaliingia kwenye mfumo saa 6:10. Kwa daktari aliingia tena saa 7:30, dakika 5. Dirisha la dawa lilikuwa dakika 3, na kati ya dawa tatu alizoandikiwa, moja haikuwepo. Saa 8:05 alitoka getini.

Jumlisheni wenyewe: dakika 31 za kuhudumiwa, ndani ya saa 6 na dakika 25. Sasa tazameni kati ya saa 6:10 na saa 7:30. Majibu yapo tayari, mgonjwa yupo, daktari yupo, na bado zimepita dakika 80. Muda huo wote mama alikuwa amesimama karibu na mlango, maana akikaa atapitwa. Kila kitasa kilipozunguka aliinua kadi yake ili ionekane.

Nilipowaonyesha wahudumu, wa maabara alisema kazi yao iliisha saa 6:10, na ni kweli. Daktari alisema hakupumzika hata dakika moja, na hilo nalo ni kweli. Ndiyo maana kwenye ramani ya semina dakika 80 hizo hazipo.

Tuna kiolezo cha Excel tulichopewa, chenye nyuso za furaha na huzuni. Tukitumie?

Hapana. Futeni nyuso, wekeni saa ya kufika, saa ya kuhudumiwa, saa ya kutoka, na maneno aliyoyasema mgonjwa kama alivyoyasema. Sura ya huzuni haimwambii mtu afanye nini kesho asubuhi.

Tutajuaje kama foleni ya kurudi na majibu ndiyo tatizo letu pia, na tulitatueje?

Nashukuru kwa swali hili. Chukueni wagonjwa 30 wa siku moja kwenye mfumo wenu. Kwa kila mmoja andikeni saa majibu yalipothibitishwa na saa daktari alipofungua faili lake mara ya pili. Kama pengo ni dogo asubuhi na linapanuka kuanzia saa 5, basi wanaorudi wanagombania mlango mmoja na wapya. Maabara huendesha sampuli kwa mafungu, kwa hiyo majibu nayo hutoka kwa mkupuo, watu kumi kwa wakati mmoja. Wapya wana namba. Wanaorudi namba zao zilishaitwa asubuhi, hawana tena zamu inayotambulika, na anayeingia ni aliyesimama karibu au anayefahamiana na mtu ndani.

Kama pengo ni lilelile kutwa nzima, ugonjwa ni mwingine: hakuna anayewaambia kwamba majibu yametoka, na wao bado wamekaa nje ya maabara wakisubiri kuitwa. Hapo inatosha mtu mmoja wa kuwaita. Msichanganye hali hizi mbili. Nimeona hospitali ikinunua spika za kuitia majina wakati shida yake ilikuwa mlangoni kwa daktari.

Kwa shida ya mlangoni, wekeni kanuni ambayo muuguzi anaisimamia na wagonjwa wote wanaijua: wapya wawili, mwenye majibu mmoja. Daktari haongezewi kazi, kwa kuwa idadi ya wanaoingia ni ileile. Ila semeni ukweli kwamba wapya wa mwisho watasubiri zaidi kidogo. Mwenye dalili za hatari, kama mtoto anayepumua kwa shida au mwenye degedege, hahusiki na kanuni yoyote. Anaingia sasa hivi.

Kanuni hiyo ina mpaka wake. Watu 36 kwenye benchi, daktari mmoja anayeona 8 kwa saa, ni saa 4 na nusu kwa aliye mwisho, hata mkiwapanga kwa ustadi gani. Mkiwaambia wagonjwa wafike saa 1 na daktari anaanza saa 4, foleni hiyo mmeitengeneza ninyi. Badilisheni saa ya raundi, au mpeni daktari mmoja chumba cha wagonjwa wa nje tangu saa 2, kabla ya kununua benchi na televisheni.

Sanduku la maoni halitoshi kutuonyesha panapouma?

Halitoshi. Aliyesubiri saa sita anataka kwenda nyumbani, hatafuti kalamu.

Tumefundishwa kwamba wakati wa ukweli wa kwanza ni mapokezi. Mbona wewe unapapita haraka?

Neno hilo lilienezwa na Jan Carlzon, aliyeongoza shirika la ndege la SAS miaka ya 1980. Alihesabu kwamba kila abiria hukutana na wahudumu wapatao watano, kwa sekunde 15 kila mara, na hapo ndipo anapoamua kurudi au kuhamia kwingine. Mgonjwa wa wilayani mara nyingi hana pa kuhamia. Anachoamua yeye ni kuamini au kutoamini: atameza dawa zote au ataacha siku ya tatu, atarudi tarehe aliyopewa au ataishia kwa muuza dawa wa mtaani. Uamuzi huo hautoki mapokezi, ingawa lugha chafu ya pale ni kosa na ikomeshwe.

Unatoka anapoambiwa majibu. Mwenye maumivu akisikia "hamna kitu, majibu mazuri" bila neno la pili, anaelewa kwamba haaminiwi. Unatoka pia dirishani kwa dawa, na hapo ndipo ninapowaomba mweke nguvu. Mama yule aliambiwa, "Hii hatuna, kanunue nje," kisha akaitwa anayefuata. Alisogea pembeni, akaniangalia akauliza: "Iliyokosekana ndiyo ya homa au ya tumbo?" Mimi sikuwa mtu wa kumjibu, na daktari alikuwa na watu mlangoni.

Famasia ipeleke orodha ya dawa zilizoisha kwenye vyumba vya madaktari kila asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza. Daktari aandike mbadala uliopo, na kama haupo, amwambie mgonjwa akiwa bado amekaa mbele yake ni dawa ipi atainunua, ya nini, na asipoipata arudi lini.