Usimpe mwenyekiti wa ushirika mpango wa mradi

Kwa miaka kadhaa nimesimamia programu ambazo vyama vya ushirika vya kahawa upande wa Mbale huzitumia kupima kahawa na kumlipa mkulima. Vijana wanaoanza kazi hii Kampala huniuliza kwa nini ninaandika nyaraka mbili kwa kazi moja: ramani ya bidhaa na mpango wa mradi. Ninaandika mbili kwa sababu wasomaji wake ni wawili, na kila mmoja akipewa ya mwenzake ataielewa kivyake.

Ramani inasema tunaelekea wapi, tunamfanyia nani, na kipi kitangulie. Mpango unasema nani afanye nini, kuanzia lini hadi lini, na kazi ipi inasubiri ipi. Mpango huisha kazi ikikabidhiwa. Ramani huendelea maadamu bidhaa, yaani programu yenyewe, bado inatumika.

Chukua chama kimoja chenye vituo vya kununulia kahawa kwenye miteremko ya Mlima Elgoni. Kilio cha wakulima kilikuwa kilo. Mama analeta kahawa mbivu, mpimaji anaandika daftarini, na siku ya malipo daftari linasema kilo 38 naye anakumbuka 43. Ramani tuliyoipeleka kwa viongozi ilikuwa ukurasa mmoja wenye safu tatu. Chini ya Sasa tuliandika: mkulima anapata ujumbe wa kilo zake kabla hajaondoka kituoni. Chini ya Kinachofuata: mkulima analipwa kwa simu siku hiyohiyo. Chini ya Baadaye: mkulima anakopa mbolea kwa kumbukumbu za mauzo yake. Kila mstari ulikuwa na kipimo chake. Wa kwanza, kwa mfano, ulipimwa kwa idadi ya malalamiko ya kilo yanayofika ofisini kila msimu. Tarehe iliyomo ilikuwa moja tu, Oktoba 1, kwa kuwa vituo hufunguliwa siku hiyo na hatuwezi kuisogeza.

Mwenyekiti aliisoma, akanitazama, akauliza, "Mwanangu, kwa nini malipo hayakutangulia? Wakulima wanataka pesa." Hilo ndilo swali ambalo ramani inapaswa kuliibua. Nilimjibu kwamba tukilipa haraka kwa kilo zenye ubishi, tutakuwa tumeharakisha ugomvi. Walijadiliana karibu saa nzima, wakakubali mpangilio ule, na tangu siku hiyo wakawa wanautetea wenyewe mbele ya wanachama.

Mpango wa mradi ulihusu mstari ule wa Sasa peke yake. Kuiwezesha programu isome mizani ya kidijitali, wiki 4. Kuhifadhi vipimo pale ambapo mtandao haufiki, wiki 3. Majaribio vituoni, wiki 2. Mafunzo ya wapimaji, wiki 2. Kazi hizi zinafuatana, kwa hiyo jumla ni wiki 11. Kando yake kulikuwa na kazi inayokwenda sambamba: kupata namba fupi ya ujumbe kutoka Tume ya Mawasiliano ya Uganda na kuiunganisha na MTN na Airtel. Hiyo tuliipangia wiki 6, na sharti iishe kabla ya majaribio.

Ukihesabu kurudi nyuma kutoka Oktoba 1, wiki 11 zinakufikisha Julai 16. Sisi tulianza Julai 1, kwa hiyo tulikuwa na wiki mbili na ushei za akiba. Namba fupi nayo ilikuwa na akiba yake ya wiki 1, kwa kuwa mafundi walihitaji wiki 7 kabla ya majaribio na yenyewe ilihitaji 6. Ikichukua wiki 8, sasa namba ndiyo inayoburuta mradi mzima, na akiba ya jumla inapungua kwa wiki moja. Fundi anahitaji kuliona hilo kila Jumatatu. Mwenyekiti halihitaji hata kidogo, maana Oktoba 1 bado ipo palepale.

Najua kinachotokea akipewa. Kuna ushirika mwingine ambao watengenezaji wake wa programu waliwatumia viongozi mpango mzima kwa Watsapu. Katibu aliona mstari unaosema "Agosti 20: majaribio ya risiti" akautangaza kwenye mkutano wa wanachama. Majaribio yenyewe yalikuwa ya mezani, ofisini Kampala. Agosti 20 wakulima walifika kituoni na simu mkononi wakisubiri ujumbe. Katibu hakukosea kusoma. Kwa mtu aliye nje ya kazi, kila tarehe iliyoandikwa ni ahadi.

Mafundi nao wakipewa mpango bila ramani hupotea kwa namna nyingine. Wetu waliposoma kazi ya kuhifadhi vipimo, wangeweza kuitimiza kwa kutuma jumbe zote usiku, mtandao ukirudi. Kwenye mpango hiyo ingehesabiwa kazi imekwisha. Lakini ramani ilisema kabla hajaondoka kituoni, kwa hiyo wakaongeza karatasi ndogo inayochapwa papo hapo pale mtandao unapokosekana. Ndiyo maana huibandika ramani ukutani juu ya mpango, hata ofisi ikiwa finyu.

Sasa kuna jambo ambalo wengi huchanganya: kipi kikibadilika, waraka upi ubadilike? Wakati wa majaribio tuligundua kwamba akina mama wengi wanaoleta kahawa wanatumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya waume zao. Kwa risiti haikuwa shida kubwa; ujumbe unafika, na karatasi ipo. Mpango haukuguswa hata siku moja. Ramani ndiyo iliyobadilika, maana malipo kwa simu yangeipeleka pesa ya mama kwa mtu mwingine. Tulirudi kwa viongozi na ukurasa mpya: chini ya Kinachofuata sasa kuna daftari la wanachama lenye namba ya simu ambayo kila mmoja ameithibitisha mwenyewe, na malipo yamesogea nyuma yake. Uchelewaji wa namba fupi ungefanya kinyume chake: ungegusa mpango na kuiacha ramani ilivyo, hadi siku akiba itakapokwisha na Oktoba 1 kuwa hatarini. Hapo unampigia mwenyekiti siku hiyohiyo, usisubiri mkutano.

Mfadhili ndiye msomaji mgumu kuliko wote, kwa sababu hutoa pesa kwa awamu na anataka tarehe. Baadhi ya wenzangu humpa ramani iliyojazwa tarehe hadi safu ya Baadaye, na mwaka wa pili wanajikuta wanajenga mkopo wa mbolea ambao hakuna aliye tayari kuupokea, ili tu awamu ya tatu itoke. Mimi humpa ramani kama ilivyo, pamoja na hatua chache nilizozitoa kwenye mpango ambazo anaweza kuzikagua kwa macho: namba fupi inafanya kazi, vituo 3 vimejaribiwa, wapimaji wamefunzwa, vituo vyote vimefunguliwa na risiti. Kwa safu ya Kinachofuata namtajia robo ya mwaka, na kumwambia wazi kwamba tarehe kamili itaandikwa baada ya mambo matatu: tumejua nani atafanya kazi, tumejua tunamtegemea nani wa nje, na tumeongea na wakulima wenyewe. Safu ya Baadaye haina tarehe kwenye mkataba. Hapo ndipo huwa nasimama imara kwenye mazungumzo, hata mvutano ukiwa mkali.