Ritani ya 2023 iliyoingia mwaka 2022, na nilivyoitoa

Fomu yangu ya P9, ile ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi aliyokata mwaka mzima, ilikuwa juu ya kibodi, na juu kabisa imeandikwa 2023. Kijana wa saiba alikuwa ametoka kumhudumia mzee mmoja aliyekuja kulipa deni lake la ritani za kodi za zamani, na ya mwisho aliyomfanyia ilikuwa ya 2022. Nadhani mkono wake ulibaki hukohuko. Kwenye kisanduku cha Return Period From akaandika 01/01/2022, tarehe ya mwisho ikajijaza yenyewe, tukaendelea. Mimi nilikuwa nimeketi kando, simu mkononi. Kwa hiyo simlaumu peke yake.

Hiyo ilikuwa Ijumaa, tarehe 21 Juni 2024. Nililipa, nikapewa risiti ya KRA imekunjwa mara mbili, nikaitia mkobani. Niliikunjua Ijumaa iliyofuata, kwa sababu kazini walituambia tulete nakala. Wiki yenyewe ilikuwa ya maandamano ya Mswada wa Fedha, na hakuna aliyekuwa na kichwa cha risiti. Dada wa ofisini akaitazama mara moja tu akaniuliza, "Hii si ya mwaka juzi? Mwaka juzi ulikuwa umeajiriwa wapi?"

Mwaka juzi sikuwa nimeajiriwa popote. Nilikuwa chuoni. PIN niliichukua 2022 hiyohiyo kwa sababu ya mkopo wa HELB, na kazi nikaanza Januari 2023. Sikujua kwamba mtu akishakuwa na PIN yenye wajibu wa kodi ya mapato hutakiwa kufaili hata kama hakupata senti, kwa hiyo ritani ya 2022 sikuwa nimeifaili kabisa. Na hilo pengo ndilo lililoruhusu kosa lipite. Ningekuwa nimefaili 2022, iTax, mtandao wa KRA wa kufaili, ingekataa papo hapo na kusema kipindi hicho kina ritani tayari. Kwa hiyo ukiwa na mwaka ulioruka, ujue kuna mlango umeachwa wazi.

Kitu cha pili kilichonishangaza ni kwamba hesabu haikulalamika. Mapato yangu ya kutozwa kodi, baada ya kutoa NSSF, yalikuwa shilingi 480,000. Ukipiga asilimia 10 kwa 288,000 za kwanza, asilimia 25 kwa 100,000 zinazofuata, na asilimia 30 kwa 92,000 zilizobaki, unapata 81,400. Toa nafuu ya mtu binafsi 28,800 na nafuu ya NHIF 1,800, kodi ni 50,800, ndiyo hasa aliyokata mwajiri. Kwa mshahara wa kiwango changu viwango vya 2022 na 2023 ni vilevile, kwa hiyo chini ya fomu ilitoka sufuri safi: hudai, hudaiwi. Ile sufuri ndiyo iliyotulaza usingizi.

Dalili ilikuwepo lakini. Kijana alijaza PIN ya mwajiri na mapato yangu kwa mkono, tarakimu baada ya tarakimu. Baadaye nilipofungua 2023, maelezo ya mwajiri yalikuja yenyewe, kwa sababu mwajiri alikuwa ameshayatuma mwezi kwa mwezi. Kama umeajiriwa na kampuni inayopeleka PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mishahara, kisha fomu inakuja tupu, simama kwanza. Huenda uko kwenye mwaka usio wako.

Sasa, nilichofanya kwanza nusura kiniharibie zaidi. Nikiwa bado ofisini niliingia iTax kwa simu, nikaona File Amended Return, nikafurahi. Nikafungua. Inakuuliza unarekebisha ritani ya kipindi gani, unachagua 2022, halafu inakupa fomu ileile ubadilishe takwimu. Kila kitu kinabadilika isipokuwa kipindi. Nilitaka kufuta takwimu zote niweke sufuri na kutuma, na dada yule akanishika mkono. "Ukipunguza hivyo bila maelezo, mtu atakaa na ombi lako mezani hajui umeficha nini. Na 2023 bado haijafailiwa, na leo ni tarehe 28."

Hapo ndipo penye ushauri wangu mkubwa, kwa sababu wengi hufanya kinyume: wanapigania mwaka uliokosewa huku mwaka wenyewe unafungwa. Mwisho wa kufaili ritani ya mtu binafsi ni tarehe 30 Juni. Ukipita, faini ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi inayodaiwa, lolote lililo kubwa. Na kwa macho ya mtandao wa KRA mimi nilikuwa sijafaili 2023. Risiti ya 2022 isingenitetea. Kwa hiyo jioni ileile, kwa mkono wangu mwenyewe, nilifaili 2023 kwa P9 ileile, nikahifadhi risiti, nikasoma kipindi kwa sauti kama mtoto wa darasa la pili.

Lakini ukishafanya hivyo umezaa tatizo lingine, na usilale nalo. P9 moja sasa imetumika miaka miwili. Kuna ritani mbili zinazodai kwamba nilikatwa 50,800, na mwajiri aliipeleka mara moja tu. Siku yoyote atakayetokea mtu wa kulinganisha, mimi ndiye nitakayeonekana nimedai kodi ambayo haikulipwa. Ndiyo maana barua ya kuomba marekebisho inafaa iende haraka, ili tarehe yake ikae karibu na tarehe ya ritani ya pili. Mimi niliipeleka Jumatatu, tarehe 1 Julai, kwenye ofisi ya kodi inayosimamia PIN yangu.

Barua niliiandika kwa Kiswahili. Mwenzangu mmoja alinicheka, nikamwambia Katiba ya 2010, ibara ya 7, inasema Kiswahili ni lugha rasmi, na barua ni yangu. Ilipokewa bila neno. Kiini chake kilikuwa hivi:

"Tarehe 21 Juni 2024 nilifaili ritani ya kodi ya mapato nikikusudia kipindi cha 01/01/2023 hadi 31/12/2023. Kwa makosa iliingizwa kwenye kipindi cha 01/01/2022 hadi 31/12/2022. Mwaka 2022 nilikuwa mwanafunzi, sikuwa na ajira wala mapato ya kutozwa kodi. Ritani sahihi ya 2023 nimeifaili tarehe 28 Juni 2024, na risiti yake nimeiambatisha. Naomba ritani iliyoingizwa kwenye 2022 iondolewe ili nifaili ritani ya 2022 inayolingana na hali yangu ya mwaka huo."

Nikaambatisha risiti zote mbili, P9, cheti cha PIN, barua ya ajira inayoonyesha nilianza Januari 2023, na barua ya chuo. Hizi mbili za mwisho watu huzisahau. Kusema umekosea mwaka ni jambo moja. Afisa anataka pia kujua mwaka uliokosewa ulikuwa na nini. Kama 2022 ningekuwa na kibarua chenye malipo, barua ingekuwa tofauti na ningepaswa kusema.

Nilipofika dirishani nilianza kwa kusema, "Naomba mnibadilishie kipindi." Afisa, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, akasoma barua, akanitazama juu ya miwani.

"Binti, kipindi hakibadilishwi. Ritani haihamishwi kama mzigo kutoka chumba hiki kwenda kile. Hii inaondolewa, na ile unafaili upya. Bahati yako umeandika hivyo kwenye barua, ila mdomoni umesema vingine."

Akagonga muhuri wa kupokea kwenye nakala yangu. Bila nakala yenye muhuri usiondoke, hata foleni iwe ndefu vipi, kwa sababu ndiyo inayokupa pa kuanzia unapofuatilia. Nilifuatilia mara mbili, kila mara nikitaja tarehe ya muhuri. Zikapita kama wiki tatu. Siku moja nikafungua View Filed Return, nikachagua 2022, sikuiona tena.

Hapo nikafaili 2022 kupitia File Nil Return, dakika tano. Na faini ya shilingi 2,000 ikanijia, kwa sababu ritani ya 2022 ilitakiwa iwe imefailiwa kufikia tarehe 30 Juni 2023. Niliuliza kama barua yangu inaifuta. Yule mama akasema barua ilikuwa ya kosa la mwaka, na faini hii ni ya kuchelewa, nayo ni yangu halali. Hakukosea. Nikatengeneza namba ya malipo, ile PRN, nikalipa kwa M-Pesa.

Si kila aliyekosea mwaka anahitaji barua, na hili nimelijua baada ya kuulizwa na watu watatu au wanne kazini. Jirani yangu alikusudia kufaili sufuri ya mwaka ambao hakuwa na kazi, akaiweka kwenye mwaka aliofanya kazi. Yeye mwaka ule una mapato ya kweli, kwa hiyo ritani ina haki ya kuwepo, ila takwimu zake ndizo mbaya. Huyo alitumia File Amended Return, akajaza P9 ya mwaka huo, kisha akafaili sufuri pale ilipostahili. Mimi yangu ilikuwa na takwimu za kweli kwenye mwaka usiokuwa na kitu. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza chochote, chukua karatasi, andika miaka miwili, na chini ya kila mmoja andika ulichopata hasa. Kama mwaka uliokosewa una mapato, rekebisha takwimu. Kama hauna kitu, andika barua.

Sheria ya Taratibu za Kodi inamruhusu mlipa kodi kuomba tathmini yake mwenyewe irekebishwe ndani ya miaka 5, kwa hiyo ukigundua kosa la mwaka juzi leo bado hujachelewa. Kitakachokusumbua ni ushahidi. Barua ya ajira ya miaka minne iliyopita unaijua iko wapi?

Saiba ile bado naenda, kuchapisha karatasi. Yule kijana akiniona na P9 sasa hugeuza skrini upande wangu kabla sijasema kitu, anaweka kidole kwenye tarehe, ananingojea niitikie.