Usirushe tufe kama unavyorusha mkuki, bega halitakusamehe

Kwa nyie wapya kwenye mirusho, swali linalorudi kila msimu ni hili, kwa nini mkuki tunakimbia, kisahani tunazunguka, tufe tunasukuma, si vyote ni kutupa tu? Mi huwa nasema angalia kwanza uzito, halafu uliza kitu kikishatoka mkononi hewa inakifanya nini.

Tufe la wanaume ni kilo 7.26, la wanawake kilo 4. Ukilipeleka nyuma ya bega ulivurumishe, kiwiko na bega ndo vinabeba mzigo wote, na sheria yenyewe inataka likae shingoni karibu na kidevu, lisirudi nyuma ya mstari wa mabega. Kwa hiyo unasukuma, nguvu inaanzia mguuni, inapanda nyonga, mkono unamalizia tu. Ukiona kiwiko kimeshuka na tufe limeachana na shingo mapema, hapo ushaanza kulitupa. Hewani halisaidiwi na kitu, limetoka na kasi gani, pembe gani, urefu gani kutoka chini, basi.

Kisahani ndo kinawachanganya wengi maana hakishikwi kwa kukazwa, kinakaa kwenye pingili za mwisho za vidole, na kinachokizuia kisidondoke ukishaanza ni ule mzunguko wako. Ndo maana mkono unabaki mrefu, mbali na mwili, hapo ndo kasi ilipo. Kitoke mwisho kwenye kidole cha shahada ili kizunguke chenyewe, kwa sababu kikizunguka vizuri kinatulia na hewa inakiinua kama bawa. Kikiyumbayumba kama sahani inayodondoka mezani, ujue umekiachia vibaya. Na usishangae warushaji wazuri wakifurahia upepo wa wastani unaowajia usoni, huo unakibeba zaidi.

Mkuki sasa, gramu 800 wanaume na 600 wanawake, ni mwepesi so shida sio kuubeba, shida ni kuupa kasi. Unakimbia, mguu wa mbele unagonga chini ukiwa umenyooka, mwili unasimama ghafla na ile kasi yote inahamia mkononi. Kuzunguka kama kwenye kisahani sheria haitaki.

Hewa ina nguvu kiasi gani kwa mkuki? Mwaka 1984 Uwe Hohn wa Ujerumani Mashariki aliufikisha mita 104.80, uwanja unakaribia kuisha, na mikuki ya zamani ilikuwa inaelea mpaka inatua bapa, waamuzi wanabishana kama ncha imegusa kwanza. Mwaka 1986 wasimamizi wa riadha duniani wakasogeza kitovu cha uzito cha mkuki wa wanaume mbele kwa sentimita 4, ncha ikaanza kuinama mapema na umbali ukapungua. Kwa hiyo ukiurusha ncha ikiwa juu sana kuliko njia ambayo mkuki unapita, mkuki unakula hewa na unazama karibu, hata kama mkono ulikuwa na kasi. Mwambie mwenzako asimame pembeni akuangalizie hiyo ncha pale unapoachia, wewe mwenyewe huwezi kuiona.