Jibu: Kumwandikia mwenye nyumba kuhusu soketi inayoungua

"Soketi ya jikoni inanuka plastiki ikiungua na imeanza kuwa nyeusi. Mwenye nyumba anasema atamtuma kijana wa mtaani. Nimwandikie vipi?"

Ndugu yangu, kabla ya kuandika, zima saketi breka inayolisha soketi hiyo na usiitumie tena. Kisha mwandikie hivi:

"Tangu tarehe 3 mwezi huu, soketi iliyo karibu na friji hupata moto kila birika la umeme linapotumika, nayo imebadilika rangi, kama picha nilizoambatanisha zinavyoonyesha. Saketi breka haijawahi kujizima. Kwa kuwa hali hii inaweza kuwasha moto nyumbani, naomba umlete fundi mwenye leseni ya EWURA ndani ya siku mbili, akague nyaya zote za jikoni na kunipa maelezo ya kazi aliyoifanya."

Sentensi ya saketi breka usiiondoe, maana wenye nyumba wengi hudhani kwamba isipojizima hakuna hatari. Waya uliolegea kwenye skrubu hutoa joto kali mahali pamoja hata umeme unaopita ukiwa wa kawaida, kwa hiyo breka haioni kosa lolote. Ndiyo sababu pia kubadilisha kifuniko cha soketi pekee hakutoshi: waya ulioungua hukatwa hadi sehemu isiyoungua, ndipo ufungwe upya.

Mwenye nyumba akipokea barua, asaini nakala yako na kuandika tarehe. Ukituma kwa simu, hifadhi ujumbe.