Maswali na majibu: Kazi imekabidhiwa, sura ya mteja bado iko kwako

Nimemaliza kazi ya kubadilisha sura kwenye video ya mteja. Picha zake nimefuta na kapu la taka nimelimwaga. Modeli nayo nifute?

Modeli ndiyo ingetangulia kufutwa. Picha humwonyesha mtu alivyokuwa siku aliyopigwa, lakini modeli iliyofunzwa kwa picha hizo yaweza kumchora akitamka neno ambalo hajapata kulitamka, na anayeiiba hahitaji tena picha hata moja ya mwenye sura.

Kwa wanaotumia programu ya kubadilisha sura ya DeepFaceLab, wengi hufuta folda za picha, `data_src` na `data_dst`, wakadhani wamemaliza. Ndani ya folda ya `model`, faili dogo linaloishia na `_SAEHD_data.dat`, ambalo huonekana kama la mipangilio tu, hubeba pia sampuli za sura zinazotumika kuonyesha maendeleo ya mafunzo. Ukiwa uliwasha nakala za kila saa, folda ya `_SAEHD_autobackups` hujaa matoleo ya modeli hiyo hiyo, hadi 24. Mimi mwenyewe niliwahi kumwandikia mteja kwamba sina chake tena, na miezi kadhaa baadaye nikafungua `_SAEHD_history` nikamkuta bi harusi yule amejipanga picha baada ya picha, kuanzia ukungu wa hatua za mwanzo hadi tabasamu kamili. Tafuta pia faili la `.dfm` ikiwa uliitoa modeli kwa ajili ya matangazo ya moja kwa moja, na `faceset.pak` ikiwa ulizifunga sura pamoja.

Mafunzo yamenichukua wiki mbili. Siwezi kuibakiza modeli kwa kazi ijayo?

Swali hili huja kila mwezi, na jibu halijabadilika. Kinachofaa kubakizwa ni modeli ya awali, iliyofunzwa kwa mkusanyiko wa sura za watu wengi kabla ya sura ya mteja kuingia, na nakala yake huwekwa pembeni siku ya kwanza ya kazi. Mafunzo ya mteja yakishaanza, hakuna namna ya kuchuja sura yake na kuacha ujuzi uliobaki, kwa sababu vyote viwili vimo katika namba zile zile. Anayemfunza mteja wa pili juu ya modeli ya wa kwanza anaanza kazi mpya kwa mali ya mtu aliyeambiwa kwamba imefutwa. Akipenda ajiite mbanifu wa muda. Mimi namwita mvunja ahadi.

Nimetumia amri ya cipher ya Windows kufuta kabisa. Inatosha?

Inategemea diski, nawe hukuitaja. Amri hii haifuti faili; huandika upya juu ya nafasi iliyo wazi, hivyo faili lazima liwe limefutwa kwanza:

```
cipher /w:D:\
```

Kwenye diski ya sahani inayozunguka, kazi yake ni nzuri. Ikiisha, pitisha PhotoRec, programu ya kurejesha faili zilizofutwa, juu ya diski hiyo. Ikikuletea hata sura moja ya mteja, kuna nakala uliyoisahau mahali. Kwenye SSD mambo ni mengine, kwani kidhibiti cha diski ndicho huamua data mpya iandikwe wapi ili seli zisichakae kwa upande mmoja, na maandishi ya zamani yanaweza kubaki mahali ambapo programu yako haifiki. Wenye SSD wajenge kila mradi ndani ya hifadhi iliyosimbwa, kwa mfano ya VeraCrypt, yenye nywila ndefu ya mradi huo peke yake, kabla ya picha ya kwanza kupokelewa. Kazi ikiisha, hifadhi hufutwa na nywila hutupwa, na mabaki yoyote kwenye seli huwa ni kelele zisizosomeka. Kusimba baada ya picha kukaa mwezi mzima bila kusimbwa hakurudishi siku zilizopita.

Nilikodi kompyuta ya mbali kwa mafunzo. Nimeizima. Sawa?

Si sawa. Kuizima husimamisha hesabu tu, na diski mara nyingi hubaki pale ilipo; iangamize kabisa, kisha kagua Google Drive uliyoiunganisha nayo, pamoja na taka zake.

Mteja alituma picha kwa WhatsApp. Hilo nalo linanihusu?

Linakuhusu sana, kwa sababu nakala ziko kwenye simu, kwenye kompyuta uliyoiunganisha, na pengine kwenye hifadhi ya picha mtandaoni inayojipakia yenyewe usiku. Kwa walio Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 39, inakukataza kukaa na data binafsi kupita haja iliyokufanya uikusanye, na haiulizi ilikufikia kwa njia gani.

Mtu wa kwenye video anasema hakuridhia, na anataka kwenda polisi. Nifute haraka?

Usiguse kitu. Ulichouliza ni kuharibu ushahidi, na safu hii haitakufundisha. Acha kuisambaza video hiyo, itenge diski ilivyo, na umwone wakili leo.