Maswali na Majibu: Asubuhi 36.2, Jioni 37.1

*"Nimenunua kipimajoto cha dijitali. Nikiamka kinasoma 36.2, nikirudi kazini jioni kinasoma 37.1, na siumwi popote. Nimeuziwa kibovu?" (Msomaji, Tanga)*

Kipimo chako ni kizima, na wewe pia. Joto la ndani ya mwili hufika chini kabisa alfajiri, kati ya saa 10 na saa 12, kisha hupanda pole pole mchana kutwa hadi kilele chake jioni, tena kati ya saa 10 na saa 12. Kwa watu wengi tofauti ni kama nusu nyuzi. Wapo wanaokaribia nyuzi nzima, na wewe naona ni mmoja wao.

Kinachotuchanganya ni ile 37 tuliyokaririshwa shuleni. Ilienea kupitia daktari Mjerumani, Carl Wunderlich, ambaye mwaka 1868 alichapisha kitabu kilichotokana na vipimo vya kwapani vya wagonjwa wapatao 25,000 huko Leipzig. Yeye mwenyewe aliandika kwamba joto hupanda na kushuka kwa kufuata saa. Sisi tukabeba namba, saa tukaiacha. Mwaka 1992 watafiti wa Marekani waliwapima mdomoni watu wazima 148 wenye afya, mara kadhaa kwa siku. Wastani ulikuwa 36.8, na kiwango cha juu cha mtu mzima wa afya kilikuwa kama 37.2 saa 12 asubuhi, lakini saa 10 jioni kilifika 37.7. Kwa hiyo 37.5 ya mdomoni jioni inaweza kuwa joto lako la kawaida, 37.5 hiyo hiyo alfajiri inatia shaka. Kwapani kipimo husoma chini zaidi kuliko mdomoni, kwa hiyo chagua sehemu moja ubaki nayo.

*"Si ni kwa sababu mchana tunatembea juani? Nikilala kutwa nzima joto halitapanda." (Kaka wa Dodoma)*

Hata mimi niliamini hivyo, mpaka nilipovunjika mguu nikawekwa kitandani wiki tatu. Siku moja, kwa kukosa la kufanya, nikajipima kwapani: saa 11 alfajiri 36.1, saa 11 jioni 36.8. Siku nzima nilikuwa nimegeuka ubavu tu.

Kipimo cha mtu mmoja si ushahidi mkubwa, lakini jambo lenyewe limejaribiwa vizuri zaidi. Watu wameshawahi kuwekwa kitandani macho kwa zaidi ya saa 24, taa hafifu, chakula kile kile kidogo kidogo kila baada ya muda, wasijue kama nje kumekucha. Joto lao likashuka alfajiri na kupanda jioni kama kawaida. Anayeliendesha ni ubongo: chini yake, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapokutana, kuna kifundo kidogo cha chembe kinachofanya kazi ya saa.

Usiku ukiingia, saa hiyo hulegeza mishipa ya damu ya ngozi, hasa ya mikono na miguu. Damu ya moto inatoka ndani, inafika kwenye nyayo, joto linapotea hewani. Ndiyo maana nyayo hupata moto mtu anapoanza kusinzia, hali ndani mwili unapoa. Karibu na kuamka mambo hugeuka: mishipa inajibana, joto linabaki ndani, na mwili unaanza kuzalisha jingine. Kutembea, kula na jua vinaongeza kidogo juu ya wimbi hilo, na usingizi unapunguza kidogo.

*"Mwanangu wa miaka minne ana homa. Kila asubuhi imeshuka, namwambia baba yake amepona. Jioni inarudi. Nimekuandikia vipimo vyangu." (Mama, Morogoro)*

Mama, asante kwa kuandika na saa, wengi hawafanyi hivyo. Umepima kwapani: Jumatatu jioni 38.9, Jumanne asubuhi 37.6, jioni 38.8, Jumatano asubuhi 37.7, jioni 39.0. Ukisoma mstari kwa mstari unaona homa inaondoka na kurudi. Sasa soma asubuhi peke yake: 37.6, 37.7. Kisha jioni peke yake: 38.9, 38.8, 39.0. Hakuna kilichoshuka.

Homa haiondoi wimbi la kila siku, inakaa juu yake, na wakati mwingine inalifanya kubwa zaidi. Tena hiyo 37.6 unayoiita nafuu ni ya saa ambayo mwili uko chini kabisa. Kwa mtoto, 37.5 na kuendelea kwapani huhesabiwa homa saa yoyote, hivyo asubuhi zote mbili alikuwa bado na homa. Umeandika pia kwamba ulimpa parasetamoli usiku. Dawa hiyo hushusha joto kwa saa nne hadi sita, basi andika saa ya dawa pembeni ya kipimo, la sivyo utasifu asubuhi kwa kazi ya dawa.

Usisubiri asubuhi nyingine. Mpeleke leo akapimwe malaria. Kwetu mtoto mwenye homa hupimwa siku ile ile. Akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea asiamke vizuri, nenda hata kama kipimo kinasoma 37.

*"Mimi ni mlinzi wa usiku. Kuanzia saa 10 alfajiri nasikia baridi ya ndani hata nikivaa koti. Nikipima nakuta 36 kamili. Nina upungufu wa damu?" (Mombasa)*

Baridi hiyo ina saa yake, na umeitaja mwenyewe. Uko macho, lakini saa ya ubongo inafuata mwanga wa mchana, si ratiba ya zamu. Asubuhi unarudi nyumbani jua likikupiga usoni, siku za mapumziko unalala usiku na familia, kwa hiyo saa haigeuki. Saa 10 mwili wako uko bondeni, na usingizi mzito huja wakati huo huo. Ukiamka saa 9 alasiri, usikiite kipimo hicho cha asubuhi, mwili tayari unakaribia kilele. Upungufu wa damu haujulikani kwa kipimajoto. Ukichoka hata mchana au ukihema kwa kupanda ngazi, kapime damu.

*"Kila jioni nina 37.2. Rafiki ananiambia homa za jioni ni kifua kikuu." (Dada, Nakuru)*

Rafiki yako hajakosea kabisa: kifua kikuu kinajulikana kwa homa za jioni na jasho la usiku. Lakini 37.2 ya jioni peke yake ni kawaida tupu. Ukiwa na kikohozi cha wiki mbili, nguo zinazolowa jasho usiku au uzito unaopungua, nenda kapime makohozi, hata kama jioni kipimo kinasoma 36.8.

*"Kichanga changu cha wiki tatu, asubuhi na jioni ni sawasawa. Ni tatizo?" (Bila jina)*

Hapana. Mtoto hazaliwi na wimbi hili, huanza kuonekana baada ya miezi miwili au mitatu hivi, karibu na wakati anapoanza kutofautisha usiku na mchana. Kwa umri wake, basi, usitoe udhuru wa "ni jioni tu". Kwapani ikifika 37.5, au ikishuka chini ya 35.5, mnyonyeshe na mwende hospitali saa hiyo hiyo; ikiwa imeshuka, mfunike pia.