Keki ya kilo moja kwenye jiko la mkaa: moto, hesabu na oda

Keki yangu ya kwanza ya kuuza, niliyoioka nyumbani Igoma, Mwanza, kwa ajili ya mtoto aliyekuwa akitimiza mwaka mmoja, ilikuwa nyeusi kitakoni na mbichi katikati. Kwa muda mrefu nililaumu unga, kisha mayai, hadi nilipoelewa kwamba kosa lilikuwa kwenye makaa. Nilikuwa nimejaza jiko kama mtu anayechemsha maharage, na juu ya mfuniko nikaweka makaa machache tu.

Sasa ninaoka katika sufuria kubwa nzito, yenye mchanga uliooshwa na kukaushwa, unene wa vidole viwili. Juu ya mchanga ninaweka stendi fupi ya chuma, na bati la keki hukaa juu yake bila kugusa kuta za sufuria. Theluthi moja ya makaa hubaki chini na theluthi mbili hupanda juu ya mfuniko, kwa sababu moto wa chini hukipiga kitako cha sufuria moja kwa moja, ilhali ule wa juu hauna budi kupenya mfuniko na hewa kabla ya kuifikia keki. Kabla ya kuingiza keki, ninanyunyiza kijiko cha unga kwenye kisahani cha bati na kukifunika humo ndani. Unga ukigeuka rangi ya dhahabu kwa dakika tatu au nne, moto umefaa. Ukiwa kahawia kabla ya dakika mbili, ninapunguza makaa ya chini.

Keki yenyewe pia husema. Ikipasuka juu na kuinuka kama kichuguu, moto ulikuwa mkali, hivyo ganda lilikauka wakati katikati bado panaumuka. Ikididimia katikati, mara nyingi mfuniko ulifunuliwa mapema, nami siufunui kabla ya dakika 35.

Mteja akiagiza na skonzi, ninazioka kwanza, makaa yakiwa bado makali, kwa kuwa skonzi hutaka moto wa nguvu wa dakika 15 hadi 20. Moto ukishatulia, ndipo zamu ya keki inapofika, nayo hukaa karibu saa nzima. Kwa hiyo ninaukanda unga wa skonzi mapema ili uumuke kwa wakati, lakini mchanganyiko wa keki siutayarishi mpaka skonzi ziwe zimeingia motoni, maana beking pauda ikishalowana huanza kufanya kazi, na keki iliyosubiri sana huumuka kwa shida.

Upande wa bei, neno linaloleta ugomvi ni “kilo”. Wapo wanaomaanisha kilo moja ya unga, na wapo wanaomaanisha keki yenye uzito wa kilo moja mezani, na tofauti hiyo si ndogo. Nusu kilo ya unga, pamoja na gramu 300 za sukari, gramu 250 za siagi, mayai sita na maziwa kiasi cha glasi moja, hunipa keki ya takribani gramu 1,400 kabla ya krimu. Ninamweleza mteja jambo hilo kabla hajataja fedha.

Kwa oda moja ya karibuni, viungo vya keki hiyo vilinigharimu shilingi 8,000. Zamani ningeishia hapo, nikauza kwa 15,000 na kudhani nimepata faida ya 7,000. Lakini mkaa ulikuwa 1,000, krimu na rangi 3,500, boksi na kibao chake 2,500, na tayari hesabu imefika 15,000 kabla sijajilipa kwa saa nne za kusimama jikoni. Niliiuza kwa 25,000, na nauli ya bodaboda akailipa mteja mwenyewe.

Oda ninaziandika kwenye daftari, hata zikija kwa simu: uzito, ladha, rangi, saa ya kukata keki, na jina la mtoto jinsi mzazi alivyoliandika yeye mwenyewe kwenye ujumbe. Jina silipokei kwa kusikia, kwani nimewahi kuandika “Airini” juu ya keki ya Irene, na mama yake aliliona mbele ya wageni. Nusu ya malipo hutangulia, nami sinunui hata yai kabla haijafika. Niliweka sharti hilo baada ya mteja kuahirisha sherehe asubuhi ya Jumamosi, keki ikiwa imeshapambwa.

Sherehe ikiwa mbali, tuseme Nyegezi, ninaomba keki ichukuliwe kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni, kwa sababu krimu ya siagi haivumilii jua la mchana juu ya bodaboda.